Mbwa Kijana Anapopata Degedege: Ni Sumu, Sukari, Ini au Kifafa?

Maswali haya nayapata karibu kila wiki kliniki, na mengi huja kwa simu usiku wa manane, mbwa akiwa bado chini. Majibu yanamhusu mbwa kijana, yaani aliyeanza kuanguka akiwa na umri wa kati ya miezi 6 na miaka 6. Mbwa mzee anayeanza kuanguka akiwa na miaka 10 ana orodha nyingine ya sababu, na uvimbe wa ubongo uko juu katika orodha hiyo.

## Anapoanguka

Nitajuaje kwamba ni degedege na si kuzimia?

Mbwa mwenye degedege kwa kawaida huanguka ubavu, hukakamaa, kisha miguu hupiga kama anaogelea. Taya hugongana, mate hutoka, na mara nyingi anajikojolea. Hali hii huchukua dakika moja au mbili. Akizinduka hawi sawa papo hapo: huzunguka nyumba bila mwelekeo, hagundui ukuta, anaweza asikutambue, na wengine huamka na njaa kali. Kipindi hicho cha kuduwaa kinaweza kuwa dakika chache au saa kadhaa.

Anayezimia kwa sababu ya moyo huanguka akiwa amelegea, mara nyingi akiwa anakimbia au ameshtuka kwa furaha, na baada ya sekunde chache anasimama kana kwamba hakuna kilichotokea. Kama huna uhakika, mrekodi kwa simu. Video ya sekunde 30 hunisaidia kuliko maelezo ya watu watatu, kwa sababu kila mmoja aliona kitu chake.

Nifanye nini wakati anatupa miguu?

Angalia saa. Sogeza meza na viti, zima redio na taa kali, ondoa mbwa wengine. Usimtie mkono wala kijiko mdomoni. Mbwa hamezi ulimi wake, ila atakung'ata bila kujua. Degedege ikivuka dakika 5, au ikikatika na kurudi kabla hajapata fahamu, hiyo ni dharura. Joto la mwili linapanda na ubongo unaanza kuumia, na lazima afike kwa daktari wa mifugo sasa hivi, hata kama ni saa nane usiku.

Jirani anasema nimnyweshe maziwa kwa sababu huenda ni sumu. Ni sawa?

Hapana, na naomba hili lisikike vizuri. Mbwa anayetetemeka au aliyeduwaa hawezi kumeza sawasawa, kwa hiyo maziwa, mafuta ya kula au maji ya mkaa yataingia mapafuni. Nimewahi kuwatibu mbwa waliopona sumu kisha wakafa siku tatu baadaye kwa nimonia ya maziwa waliyonyweshwa. Kama unashuku sumu, chukua pakiti, chupa au mabaki ya matapishi, uje navyo pamoja na mbwa.

## Kutafuta chanzo

Degedege na kifafa si kitu kimoja?

Degedege ni tukio: ubongo umefyatuka kwa wingi usio wa kawaida. Kifafa ni ugonjwa wa kuwa na tabia hiyo. Sumu inaweza kumpa mbwa mzima kabisa degedege, kwa sababu ubongo wake umechokozwa kutoka nje. Kifafa kisicho na chanzo kinachoonekana, ambacho mara nyingi ni cha kurithi, humshika mbwa ambaye hakuna kilichomchokoza.

Madaktari bingwa wa neva za wanyama walikubaliana mwaka 2015 juu ya masharti ya kumwita mbwa mwenye kifafa cha namna hii. Awe ameanguka angalau mara mbili, kwa tofauti ya saa 24 au zaidi, bila kichochezi. Tukio la kwanza liwe limetokea kati ya miezi 6 na miaka 6. Katikati ya matukio awe mzima akipimwa mwili na neva, na vipimo vya msingi vya damu na mkojo visionyeshe kasoro yenye maana.

Katika hayo yote, ninalolitegemea zaidi ni hali yake *kati* ya kuanguka na kuanguka. Mwenye kifafa, kipindi cha kuduwaa kikipita, anakula, anacheza na kubweka getini kwa wiki nzima hadi siku nyingine. Mwenye sumu anaumwa mfululizo mpaka sumu iishe au imuue. Mwenye ini bovu au sukari inayoshuka haponi kabisa katikati: amekonda, anazubaa, au anabadilika kufuatana na chakula.

Sumu inajitambulishaje?

Sumu tunayoiona zaidi huku kwetu ni dawa za wadudu za jamii ya oganofosfeti na kabamati: za mashambani, za kuogeshea mifugo, au zinazotegwa ndani ya nyama kwa makusudi. Hizi haziendi moja kwa moja kwenye degedege. Kwanza mate yanamwagika, machozi yanatoka, anatapika, anaharisha, anakojoa, mboni zinakuwa ndogo kama ncha ya pini, na misuli inacheza chini ya ngozi ya mwili mzima. Degedege huja juu ya hayo yote. Mwenye kifafa naye hutoa mate, ila mate yake huisha pamoja na tukio.

Daktari akiwa na shaka anaweza kutumia atropini kidogo kama kipimo, miligramu 0.02 kwa kila kilo kwenye mshipa. Mboni zikipanuka, moyo ukaenda mbio na mdomo ukakauka, sumu hiyo haielekei kuwapo. Pasipobadilika kitu, huenda ipo, na dozi ya tiba ni kubwa mara 10 au zaidi: miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa kilo, ikirudiwa kwa kufuata kifua kinavyojaa maji na mapigo ya moyo, si kwa kufuata mboni.

Striknini ina sura nyingine. Mbwa anakakamaa kama ubao, anashtuka kwa kila sauti au mguso, lakini fahamu anazo na macho yanakufuata.

Swali moja huniokolea muda: kuna mbwa mwingine uani au kwa jirani anayeumwa leo? Mbwa wawili wakianguka usiku mmoja, sifikirii kifafa.

Nyumbani kuna mtu anayetumia dawa za kifua kikuu. Zinaweza kuhusika?

Ndiyo, na watu wengi hawalijui hili. Isoniazidi humdhuru mbwa haraka kwa sababu mwili wa mbwa hauna njia ambayo binadamu huitumia kuivunja. Inamaliza kazi ya vitamini B6 kwenye ubongo, na bila hiyo ubongo hauwezi kutengeneza kemikali inayoutuliza. Vidonge viwili vya miligramu 300 vinatosha kuhatarisha maisha ya mbwa wa kilo 10. Degedege huanza ndani ya nusu saa hadi saa chache, na diazepamu, dawa ya kukatiza degedege, peke yake mara nyingi haifui dafu.

Dawa yake ni sindano ya vitamini B6, gramu kwa gramu na isoniazidi iliyoliwa. Ndiyo maana hesabu ya vidonge vilivyokosekana ina thamani kubwa. Ukipiga simu, anza kwa kusema: "Daktari, amekula dawa za TB," kisha taja zimepungua ngapi.

Sukari ya damu inaweza kumwangusha mbwa kijana?

Inaweza, hasa mtoto wa mbwa mdogo sana aliyejaa minyoo au aliyekaa na njaa. Kwa mbwa kijana aliyekomaa huwa namfikiria mwenye homa ya kupe kali. Babesia ya Afrika, kijidudu cha homa hiyo, ikizidi hushusha sukari na inaweza kugusa ubongo, lakini mbwa huyo ana homa, fizi nyeupe au njano, na mkojo wa rangi ya kahawia. Hafanani na mbwa mwenye kifafa hata kidogo.

Tone moja la damu kwenye mashine ya kupimia sukari, wakati anatetemeka au mara tu baada ya hapo, linajibu swali. Chini ya milimoli 3.3 kwa lita ni kidogo mno, na degedege huja zaidi inaposhuka hadi karibu 2.5 au chini yake. Mashine za binadamu husoma chini kidogo kwa mbwa, kwa hiyo 3.2 ya mashine irudiwe maabara kabla ya kulaumiwa. Uthibitisho ni pale anapopewa glukosi kwenye mshipa na akazinduka ndani ya dakika chache.

Usisahau utamu wa zailitoli, uliomo kwenye baadhi ya bazoka na pipi zisizo na sukari. Kwa mbwa huamsha insulini kwa nguvu na sukari huporomoka.

Na ini linaingiaje?

Kuna mbwa wanaozaliwa na mshipa wa mkato unaopitisha damu ya utumbo pembeni ya ini. Amonia inayotakiwa kusafishwa inapanda moja kwa moja ubongoni. Mara nyingi ni mbwa wa jamii ndogo kama Moltizi na Yokshaya, ambaye ni mdogo kuliko ndugu zake, anakunywa maji mengi, na saa moja au mbili baada ya kula nyama anazubaa, anasukuma kichwa ukutani au anatoa mate. Degedege peke yake bila dalili hizi si kawaida kwa tatizo hili.

Kinachomfichua ni asidi za nyongo kwenye damu: sampuli ya kwanza amefunga saa 12, ya pili saa mbili baada ya kula. Jambo hili lijulikane kabla ya dawa, kwa sababu fenobabitoni husafishwa na ini. Mbwa huyu anahitaji dawa nyingine (tazama swali la dawa ya pili).

Je, si kichaa cha mbwa? Si distempa?

Swali la haki katika nchi zetu. Kichaa cha mbwa hakimwachii mbwa arudi kuwa mzima: dalili zikianza, anazidi kuharibika na hufa ndani ya siku 10. Mbwa aliyeanguka wiki tatu zilizopita na leo anacheza hana kichaa. Lakini ambaye hajachanjwa, akibadilika tabia, akishindwa kumeza au sauti ikageuka, asiguswe. Akikung'ata au mate yake yakiingia kwenye kidonda, osha kwa maji na sabuni dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Distempa hutangulizwa na makamasi, kikohozi, macho yenye tongo au kuhara, wiki chache kabla. Degedege yake mara nyingi huanzia tayani, kama anatafuna hewa, na baadaye msuli mmoja unabaki ukidunda hata usingizini.

Nipime nini, na kwa mpangilio gani?

Nieleze kwa mbwa mmoja. Bosi, Jeman Shepadi dume wa mwaka mmoja na nusu, kilo 28, aliletwa na mama mmoja. Alikuwa ameanguka mara mbili, zote alfajiri akiwa usingizini, kwa tofauti ya siku 19. Chanjo zote alikuwa nazo, kuanzia distempa hadi kichaa. Hakuna mbwa mwingine aliyeumwa, hakuna dawa ya wadudu iliyopulizwa, na vidonge vya nyumbani vilikuwa kabatini, hesabu ikiwa kamili. Katikati ya siku hizo 19 alikula na kucheza kama kawaida.

Nilimpima siku mbili baada ya tukio la pili, kwa sababu mbwa aliyetoka kuanguka saa hiyo anaweza kuonekana ana kasoro za neva zinazopotea kesho yake. Alikuwa sawa. Sukari 5.1. Chembe za damu, figo, vimeng'enya vya ini, albumini, kalsiamu na sodiamu vilikuwa vya kawaida, na vijidudu vya kupe havikuonekana kwenye kioo. Mkojo ulikuwa safi. Asidi za nyongo nazo zilikuwa sawa. Masharti niliyotaja kwenye swali la degedege na kifafa yalitimia, tukamwita mwenye kifafa.

Lazima apigwe picha ya ubongo?

Si kwa mbwa kama Bosi. Picha ya MRI na maji ya uti wa mgongo huongeza uhakika, lakini vinakuwa muhimu kweli pale mbwa anapokuwa na kasoro za neva katikati ya matukio, anapoanza nje ya umri uliotajwa, au dawa inaposhindwa. Fedha za picha ambayo haitabadili tiba ni afadhali zibaki kwa vipimo vya kiwango cha dawa.

## Dawa

Dawa ianze lini?

Akianguka mara moja tu maishani, tunasubiri na kuandika tarehe. Tunaanza akiwa na matukio mawili au zaidi ndani ya miezi 6, au hata moja tu likivuka dakika 5, au mawili na zaidi ndani ya saa 24, au kuduwaa kwake kukizidi siku nzima. Bosi alikuwa na mawili ndani ya wiki tatu.

Kama chanzo ni sumu au sukari, dawa ya kudumu haina kazi. Hapo tunatibu chanzo.

Dawa ya kwanza ni ipi, na kwa kiasi gani?

Fenobabitoni. Ni ya zamani, ni ya bei nafuu, na vidonge vya miligramu 30 vya binadamu ndivyo tunavyotumia, kwa cheti cha daktari kwa kuwa ni dawa inayodhibitiwa. Tunaanza na miligramu 2.5 hadi 3 kwa kila kilo, kila baada ya saa 12. Bosi wa kilo 28 alihitaji angalau miligramu 70. Vidonge viwili na nusu ni miligramu 75, tukaanza hapo, saa moja asubuhi na saa moja usiku.

Saa 12 hizo ziheshimiwe. Dozi ikirukwa, kiwango kinashuka na mbwa anaweza kuanguka kwa sababu ya kuruka dozi, si kwa sababu dawa imeshindwa. Wenzangu wengi wamepandisha dozi bila sababu kumbe kijana wa nyumbani alikuwa anasahau ya jioni.

Amelewa, anayumba na anakula kila kitu. Niache?

Usiache. Kuyumba na kusinzia hupungua sana ndani ya wiki moja hadi mbili. Njaa, kiu na kukojoa sana vinaweza kubaki, kwa hiyo chakula kipimwe, la sivyo atanenepa. Cha kukuleta haraka ni fizi nyeupe, kutokwa na damu, manjano, au kukataa kula kwa mbwa ambaye jana alikuwa anapekua jaa.

Kwa nini damu ipimwe tena na tena wakati hajaanguka?

Kwa sababu dozi ya kidonge haituambii kilichomo ndani ya damu. Fenobabitoni hulifundisha ini kuisafisha haraka zaidi, na dozi iliyotosha mwezi wa kwanza huweza kupungukiwa mwezi wa tatu. Tunapima baada ya wiki 2, wiki ya 6, wiki ya 12, kisha kila miezi 6. Maabara kubwa zinazohudumia wagonjwa wa kifafa wa kibinadamu zinaweza kukifanya kipimo hiki. Kiwango kinachokubalika ni mikrogramu 15 hadi 40 kwa mililita, na wengi wanatulia kwenye 25 hadi 30. Juu ya 35 hatari kwa ini inapanda.

Bosi alianguka tena wiki ya 7, na kiwango chake kilikuwa 18. Hesabu ni rahisi: kiwango unachotaka, gawanya kwa ulichokipata, zidisha kwa dozi ya siku. Yaani 25 ÷ 18 × 150, karibu miligramu 208. Tukampa vidonge vitatu na nusu mara mbili kwa siku, jumla 210. Kama angeanguka akiwa kwenye 33, nisingeongeza kidonge. Ningeongeza dawa ya pili.

Jambo moja huwatisha watu bure: kimeng'enya cha ini kiitwacho ALP hupanda kwa karibu kila mbwa anayetumia dawa hii. Kikipanda peke yake si ini kufa. Nikiona albumini inashuka au asidi za nyongo zinapanda, hapo nahangaika.

Dawa ya pili ni ipi?

Kati ya mbwa watatu, mmoja hivi hatulii vizuri kwa dawa moja. Tunaongeza bromidi ya potasiamu, miligramu 15 kwa kilo mara mbili kwa siku pamoja na chakula. Inatolewa na figo, haipiti kwenye ini, lakini huchukua miezi miwili na nusu hadi mitatu kufikia kiwango chake. Chumvi ya chakula isibadilikebadilike: chumvi ikizidi, figo huifukuza bromidi na mbwa anaanguka. Mabaki ya sikukuu yenye chumvi nyingi yanatosha kuharibu mwezi mzima wa utulivu. Matapishi na maumivu ya tumbo yasidharauliwe, kwani kongosho linaweza kuvimba.

Kwa mwenye ini bovu tunapendelea levetirasetamu, miligramu 20 kwa kilo, lakini kila saa 8, na hapo ndipo familia nyingi huchoka.

Ndugu yangu ana kifafa. Nimgawie mbwa dawa zake?

Kama ni kabamazepini, fenitoini au valproeti, hapana: mwili wa mbwa huzifuta haraka mno kiasi kwamba hazimlindi. Vidonge vya diazepamu kila siku navyo havifai, kwani mbwa huzizoea ndani ya muda mfupi. Na fenobabitoni ya ndugu yako inatakiwa imtoshe yeye.

## Hali za pembeni

Anaanguka mara tatu kwa usiku mmoja. Nisubiri asubuhi?

Usisubiri. Ila unaweza kuwa na diazepamu ya sindano nyumbani, ya kumwekea kwenye njia ya haja kubwa kwa bomba lisilo na sindano: miligramu 1 kwa kilo, au 2 kwa kilo kama anatumia fenobabitoni, isizidi mara tatu ndani ya saa 24. Ibaki kwenye kichupa chake cha kioo mpaka saa ya kutumia, kwa sababu ikikaa kwenye bomba la plastiki hunata na nguvu hupotea. Daktari wako akuonyeshe kwanza kwa mkono.

Vidonge vya kupe vya kutafuna ni salama kwake?

Vile vya jamii ya isoksazolini vilitolewa tahadhari na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani mwaka 2018, kwa sababu vinaweza kuleta degedege kwa baadhi ya mbwa. Kwa mbwa mwenye kifafa mimi hutumia njia nyingine ya kupe. Na mbwa akianguka kwa mara ya kwanza, nataka kujua alimeza kidonge cha mwisho lini.

Amepata homa ya kupe akiwa kwenye fenobabitoni. Kuna la kuangalia?

Ndiyo. Fenobabitoni hufanya doksisaiklini iondoke mwilini mapema, kwa hiyo daktari ajue kabla ya kupanga dozi. Kloramfenikoli hufanya kinyume: huzuia ini kuisafisha fenobabitoni, na mbwa analala kama aliyenyweshwa pombe.

Mwaka umepita hajaanguka. Niache dawa?

Usikate ghafla, maana kukatisha kwenyewe huleta degedege mfululizo. Tunaanza kuzungumza habari ya kupunguza baada ya mwaka mmoja hadi miwili bila tukio, na tunapunguza asilimia 20 au chini ya hapo kila mwezi. Bosi sasa ana miezi 14 bila kuanguka, na mama mwenye mbwa ameamua asiguse vidonge vitatu na nusu. Ameamua pia asimzalishe, kwa kuwa kifafa cha Jeman Shepadi hurithiwa, na hilo alilisema yeye kabla sijamwambia.